Malipo ya awamu yanayofuata msimu: maana yake kwa kampuni ya utalii inayodaiwa ushuru

Malipo ya awamu yanayofuata msimu ni mpango wa kulipa deni ambao kiasi cha kila mwezi hakilingani. Mwenye deni hulipa kidogo katika miezi ambayo biashara imelala, na hulipa kikubwa katika miezi ambayo pesa zinaingia. Deni haliguswi wala halipunguzwi. Kinachojadiliwa ni kalenda tu.

Natunza vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo za kutembeza watalii hapa Nakuru, na mara nyingi nakutana na dhana hii wakati kampuni inadaiwa na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Kwa hiyo nitaieleza kupitia deni la ushuru.

Tuanze na jinsi deni lenyewe linavyozaliwa. Kampuni inayofunga hesabu zake Desemba hulipa ushuru wa mapato wa mwaka kwa mafungu manne: tarehe 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Ikiwa mafungu hayo hayakutosha, salio linatakiwa kabla ya Aprili inayofuata kwisha. Sasa itazame Aprili kwa macho ya mtu mwenye vani tatu za safari mjini Nakuru. Ni katikati ya masika. Barabara za ndani ya Maasai Mara zimegeuka tope, loji nyingine zinafunga kwa ukarabati, na vani zimeegeshwa. Siku 10 za mwisho wa mwezi huo zinamdai fungu la kwanza la mwaka mpya na salio la mwaka uliopita, kwa pamoja. Mwaka uliopita anaweza kuwa alipata faida nzuri tu. Lakini faida ya Agosti ilishakuwa injini mpya na karo za watoto.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, kifungu cha 33, inamruhusu mlipa ushuru kumwandikia Kamishna wa KRA na kuomba muda zaidi, na Kamishna akiona sababu ni ya haki anaweza kukubali deni lilipwe kwa awamu. Anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Uamuzi ni wake. Mwombaji anapendekeza tu. Na ombi likikubaliwa, riba haisimami. Inaendelea kuhesabiwa kwa asilimia 1 ya ushuru ambao haujalipwa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, bila kutoza riba juu ya riba.

Tuchukue kampuni ya mfano inayodaiwa shilingi 720,000 kufikia tarehe 30 Aprili. Njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni kugawa kwa 12: shilingi 60,000 kila mwisho wa mwezi, kuanzia Mei. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini Mei na Juni kampuni hii haina hiyo 60,000, na ikiipata, imeitoa mahali pabaya. Nitarudi hapo.

Mwenye kampuni anapendekeza hivi badala yake. Mei na Juni atalipa 15,000 kila mwezi, na Julai 30,000. Agosti atapanda hadi 120,000, kisha Septemba na Oktoba 150,000 kila mwezi. Novemba atalipa 80,000, Desemba 40,000, Januari 80,000, na Februari atamaliza kwa 40,000. Jumla ni 720,000 ile ile, na imekwisha miezi miwili mapema, kabla ya masika mengine.

Watu wengi hudhani mpango wa namna hii lazima uwe ghali zaidi kwa sababu unaanza polepole. Hesabu haisemi hivyo. Kwa awamu sawa za 60,000, riba ya miezi yote 12 ni shilingi 46,800. Kwa mpango wa msimu ni 42,650. Sababu ni kwamba deni hili lilianza Mei, karibu na mlango wa msimu, kwa hiyo vipande vikubwa vinakuja mapema na salio linashuka haraka. Hadi mwisho wa Oktoba, mpango wa msimu umelipa 480,000 huku awamu sawa zimelipa 360,000.

Deni lingeanza Novemba, picha ingegeuka. Kampuni hiyo hiyo ingelipa 240,000 kati ya Novemba na Februari, ingejikongoja na 10,000 kwa mwezi kuanzia Machi hadi Juni, kisha ingemaliza kwa vipande vikubwa hadi Oktoba. Kwa mgawo wa namna hiyo nimepata riba ya 56,300, yaani 9,500 zaidi ya awamu sawa. Huenda bado ingefaa, kwa kuwa awamu ambayo huwezi kuilipa haina faida hata ikiwa na riba ndogo. Lakini bei ya mpango hutegemea uko wapi kwenye kalenda siku unapouanza, na afisa anayesoma ombi lako ataipiga hesabu hiyo. Ipige kwanza wewe.

(Ushuru ukichelewa huongezewa pia adhabu ya asilimia 5, ambayo hapa ni 36,000. Sijaihesabu kwa sababu ikitozwa ni ile ile kwa mipango yote.)

Sasa lile jambo ambalo naona wengi wanalikosea. Msimu wa wageni na msimu wa pesa havifuatani mwezi kwa mwezi. Nyumbu huwa Mara kati ya Julai na Oktoba, na vani zinajaa kuanzia Julai. Mbona basi mpango wetu unalipa 30,000 tu Julai? Kwa sababu wageni wengi wa kampuni hii huletwa na mawakala wa ng'ambo wanaolipa salio siku 30 hivi baada ya safari. Safari ya Julai huingia benki Agosti. Ile ya Oktoba huingia Novemba. Wageni wa Krismasi kutoka nje huonekana kwenye akaunti Januari, ndiyo maana Desemba ni 40,000 na Januari ni 80,000. Desemba pia ina fungu la ushuru la tarehe 20. Wageni wa humu nchini, wale wa kwenda Ziwa Nakuru au Bogoria kwa siku moja, hulipa papo hapo kwa M-Pesa, na hao ndio wanaobeba zile 15,000 za Mei na Juni.

Ukinakili kalenda ya safari na kuiita kalenda ya malipo, utakosa awamu ya kwanza kubwa.

Kosa la pili limejificha ndani ya arbuni. Kuanzia Machi wageni wa Agosti hutanguliza pesa, na akaunti huonekana imenona hata mvua ikinyesha. Pesa hizo si zako bado. Loji inadai sehemu yake kabla ya mgeni kufika, na lango la Mara linadai yake: tangu 2024 mgeni asiye mkazi wa Kenya hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Wageni sita kwa siku tatu ni dola 3,600 zinazopita tu mikononi mwako kuelekea langoni. Mwenye kampuni aliyejifunga kulipa 60,000 mwezi wa Mei hulipa kwa arbuni, naye Agosti anajikuta akitafuta mkopo wa kumwingizia mgeni mbugani. Hapo ndipo mahali pabaya nilipopataja.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umefika huko. Siku ya kulipa awamu, chukua salio la benki, toa gharama zote za safari ambazo zimelipiwa arbuni lakini hazijafanyika. Kinachobaki ndicho cha kwako. Kikiwa chini ya sifuri baada ya awamu, umelipa ushuru kwa pesa ya mgeni, na mpango umechorwa vibaya.

Kwa hiyo ombi lenye nguvu hubeba ushahidi wa mambo hayo mawili. Weka taarifa za benki za miaka miwili, na mwezi kwa mwezi uonyeshe kilichoingia, kilichopita kwenda loji na mbugani, na kilichobaki. Ambatanisha bukingi zilizothibitishwa za msimu unaokuja na tarehe ambazo mawakala hulipa. Usiandike sifuri katika mwezi wowote. Elfu kumi na tano ya Mei haipunguzi deni sana, lakini inamwonyesha afisa kwamba mlipaji hajatoweka, na inamnyima sababu ya kusema umeomba likizo. Na ushuru mpya wa kila mwezi uendelee kulipwa kwa wakati wake. Ukilipa deni la zamani huku unazalisha jipya, hakuna atakayekusikiliza mara ya pili.

Hatari kubwa ya mpango huu iko katika sheria yenyewe. Ukikosa awamu moja, salio lote linatakiwa mara moja. Baada ya hapo KRA inaweza kuiagiza benki yako, au hata mteja uliyemhudumia na bado hajakulipa, ipeleke pesa hizo kwake moja kwa moja. Kwa awamu sawa hatari hiyo imesambaa. Kwa awamu za msimu imerundikana katika miezi mitatu. Mlipaji anayekosa Septemba katika mfano wetu anakuwa na shilingi 540,000 zinazodaiwa siku hiyo hiyo.

Na misimu huvunjika. Ya 2020 ilikufa na korona. Uchaguzi mkuu wa Kenya huangukia Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano, na unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027, katikati kabisa ya kilele. Wageni wengi wa ng'ambo huukwepa mwezi huo. Anayeandika mpango unaopitia mwaka wa 2027 asiweke kipande kikubwa Agosti wala Septemba. Akisogeze hadi Novemba, na akubali riba ya miezi miwili mitatu ya ziada.

Katika mwaka wa kawaida, mimi hupima awamu kubwa kwa bukingi zilizokwisha kulipiwa arbuni, si kwa matumaini ya mwaka mzuri. Kama bukingi hizo zinaweza kubeba 150,000 Septemba, ndiyo 150,000 inayoandikwa, hata kama mwaka jana ingewezekana 220,000. Msimu ukizidi matarajio, hakuna anayekuzuia kulipa zaidi, na kila shilingi inayotangulia hukata riba ya miezi iliyobaki. Ukipungua, barua ya kuomba kupangiwa upya iende kabla ya tarehe ya awamu, pamoja na barua za mawakala waliofuta safari. Ikienda siku moja baada ya tarehe hiyo, tayari salio lote linadaiwa.