Mjomba, baba mdogo na mume wa shangazi si "anko" mmoja kwenye mirathi

Kazi yangu ni kuandaa karatasi za mirathi hapa Kisumu, na maneno yanayonichosha kuliko yote ni haya: "Andika tu anko, korti itaelewa." Korti haitaelewa. Hakimu anasoma kilichoandikwa, na "anko" anaweza kuwa kaka yake mama, kaka yake baba, au mwanamume aliyemwoa dada yake baba. Wawili wa kwanza ni damu ya marehemu. Wa tatu ni jamaa kwa ndoa, na kwenye urithi tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Tuseme kijana amefariki bila wosia. Hakuoa, hakuacha mtoto, alizaliwa peke yake, na wazazi wake na babu na nyanya wa pande zote mbili walishatangulia. Ameacha shamba huko Seme. Barua ya chifu inafika mezani na majina matatu: "baba", "anko" na "anko".

Nauliza, huyu baba ni yupi na tumeambiwa wazazi wamefariki? Kumbe ni baba mdogo, aliyemlea kijana na kumlipia karo. Kijaluo kinamwita baba, na pale nyumbani hakuna anayemwita vingine. Ni heshima anayostahili. Lakini kifungu cha 39 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinapogawa mali ya mtu asiye na mke wala mtoto, kinaanza na wazazi. Neno hilo likipita bila kuulizwa, mzee anakaa kwenye kiti cha mzazi na wengine wote wanatoka mikono mitupu.

Anko wa kwanza ni mjomba, yule ambaye Wajaluo humwita nera na Waluhya khotsa. Anko wa pili ni mume wa shangazi. Shangazi mwenyewe yuko hai, yuko kwa mumewe Yala, na jina lake halimo popote. Kisa? "Huyo aliolewa." Yaani mwenye damu ameachwa nje, na mumewe ameandikwa ndani!

Karatasi ikiandikwa sawasawa, mambo hubadilika. Wazazi hawapo, ndugu wa tumbo hawapo, wa mzazi mmoja pia hawapo, kwa hiyo sheria inatafuta jamaa wa damu walio karibu zaidi. Baba mdogo, mjomba na shangazi wote wako umbali mmoja na marehemu, kwa hiyo kila mmoja anapata theluthi. Mume wa shangazi hapati kitu.

Msifikiri kosa la namna hii hufukiwa. Ombi likishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kuna siku 30 za kulipinga. Hata hizo zikipita na hati ya usimamizi ikatolewa, kifungu cha 76 kinaruhusu korti kuifuta ikiwa ilipatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli, hata kama aliyeyatoa hakujua au alipitiwa tu. Shangazi akifika na wakili wake, mnarudi mwanzo, na kama shamba lilishauzwa basi ni kesi juu ya kesi.

Kwa hiyo nawaomba, mkija kwangu au kwa chifu, msiniambie mnamwitaje mtu. Nielezeni alivyozaliwa. "Yeye na baba wa marehemu ni ndugu," au "ni kaka yake mama wa marehemu." Mimi huanzia kwa babu na nyanya, upande wa baba kisha upande wa mama, nikaandika kila mtoto wao, aliye hai na aliyefariki, aliyeolewa na asiyeolewa. Maelezo yakipitia kwenye ndoa ili kumfikia mtu, kama mume wa shangazi au mke wa mjomba, huyo simweki kwenye orodha ya damu.

Kuna na haya ninayoambiwa hapa mezani. "Mjomba ni wa ukoo mwingine, hawezi kurithi kwetu." Kifungu cha 39 hakiulizi ukoo, kinauliza ukaribu wa damu. Wazee wengi hukasirika nikiwaambia hivyo, na bado ndivyo ilivyo.

"Baba mkubwa ndiye mwenye sauti kwenye boma." Hapana. Ni kaka aliyemtangulia baba yako kuzaliwa, basi. Hata kama ndiye maskini kuliko wote, na hata kama anaishi Nakuru na hajaonekana kwenye matanga, fungu lake ni sawa na la mdogo wake.

"Mama mdogo anajulikana." Huku kwetu mama mdogo anaweza kuwa mdogo wake mama, au mke wa pili wa baba. Kwa kijana wetu wa Seme, wa kwanza angegawana sawa na shangazi na mjomba. Wa pili si damu yake, asingeingia kwenye orodha hiyo. Chifu akiandika "mama mdogo" bila zaidi, mrudishieni barua aongeze mstari mmoja: mdogo wa mama, au mke wa baba.