Enkoda ya maunzi: kwa nini laptopu inarusha laivu vizuri mwanzoni kisha inaganda

Enkoda ya maunzi ni sehemu ndogo ndani ya chipu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja: kubana video. Haiwezi kufungua faili wala kuendesha programu. Inapewa fremu za picha, inazitoa zikiwa zimebanwa kwa muundo wa H.264 au mwingine unaofanana nao, basi. Kwenye laptopu zenye prosesa za Intel sehemu hiyo inaitwa Quick Sync, na imekuwapo tangu 2011. Kwenye kadi za NVIDIA inaitwa NVENC. Prosesa za AMD zenye grafiki ndani nazo zina ya kwao.

Ukubwa wa kazi yenyewe unaonekana kwa hesabu. Picha ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600, na kila nukta inachukua baiti 3 za rangi. Ukirusha fremu 30 kwa sekunde, unazalisha takriban megabaiti 83 kila sekunde, sawa na megabiti zaidi ya 660. Bando la simu halibebi mzigo huo. Ili upite kwenye megabiti 2.5 kwa sekunde, ambazo zinatosha kwa picha safi ya ukubwa huo, video lazima ibanwe zaidi ya mara 250, papo hapo, bila kupumzika hadi tukio liishe.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa yenyewe au na enkoda ya maunzi. Kwenye OBS, programu ya kurushia laivu ambayo wengi wetu tunaitumia, chaguo la kwanza linaandikwa `Software (x264)` na la pili `Hardware (QSV, H.264)` au `Hardware (NVENC, H.264)`; QSV ndiyo ile Quick Sync ya Intel. Tofauti ya machaguo haya haionekani haraka, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa.

Tuchukue sherehe ya kumuaga bibi harusi kwenye ukumbi wa Mwanjelwa, Mbeya. Ndugu wa Dar es Salaam na Kyela wanataka kufuatilia kwenye simu. Mrushaji ana laptopu ya mtumba yenye Core i5-8250U, aina inayopatikana sana madukani. Anajaribu saa tisa alasiri kwa dakika chache kwa kutumia x264, na picha inateleza bila shida. Jioni MC anaanza, na baada ya muda picha inakatakata, hasa kamera inapowafuata watu wanaocheza, kwa kuwa mwendo mwingi ni mgumu zaidi kubana. Mrushaji anaulaumu mtandao, ananunua bando jingine, na hali inabaki ileile.

Kilichotokea ni joto. Prosesa ile imepangiwa kutumia wati 15 kwa kazi ya muda mrefu. Mwanzoni inaruhusiwa kuvuka kiwango hicho kwa sekunde kadhaa, ikipanda hadi gigahezi 3.4, kisha inarudishwa. Kama feni imejaa vumbi na pesti kati ya chipu na kipoza joto imekauka, nyuzijoto zinakaribia 100 na chipu inajipunguza mwendo zaidi ili isiungue. Kwenye Task Manager utaona namba ya `Speed` ikishuka hadi karibu na gigahezi 1.6 au chini yake. Jaribio la alasiri liliisha kabla bodi nzima haijapata moto, kwa hiyo halikupima kitu kitakachodumu saa tatu.

Wengine husema Mbeya kuna baridi, laptopu haiwezi kuchemka. Baridi inasaidia kweli, hasa Juni na Julai. Lakini jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya pwani. Kila mzunguko wa feni unabeba hewa pungufu ya kuondoa joto. Na ndani ya ukumbi uliojaa watu, laptopu ikiwa imewekwa juu ya kitambaa cha meza kinachoziba matundu ya chini, baridi ya nje haiifikii.

Mrushaji huyu akibadilisha kwenda QSV, kazi ya kubana inahama kutoka kwenye prosesa na kwenda kwenye sehemu inayoifanya kwa umeme kidogo sana. Prosesa inapumua, joto linashuka, na mwendo unabaki thabiti. Kuna gharama: kwa kiwango kilekile cha megabiti, enkoda za vizazi vya zamani hutoa picha yenye ukungu kidogo kuliko x264 iliyopewa nafasi ya kutosha. Kwa laptopu ya wati 15, mimi nakubali ukungu huo bila kusita, kwa sababu fremu isiyofika haina ubora wowote.

Lakini enkoda ya maunzi haigusi tatizo la mtandao, kwa hiyo inabidi ujue ni lipi linakusumbua. Dirisha la `Stats` kwenye OBS linatenganisha. `Skipped frames due to encoding lag` ikiongezeka, kubana kumezidiwa. `Frames missed due to rendering lag` inaonyesha kwamba grafiki imeshindwa kupanga picha kabla ya kubanwa. Hili linaweza kutokea hata ukiwa na QSV, maana grafiki ya ndani na prosesa zinagawana joto lilelile. `Dropped Frames (Network)` ndiyo pekee inayohusu intaneti.

Hiyo ya mwisho ikipanda, angalia spidi ya kupandisha, siyo ile ya kupakua ambayo vifurushi hujivunia. Ukipima alasiri ukumbi ukiwa mtupu ukapata megabiti 6, usizitegemee zote: jioni wageni wote wanagawana mnara huohuo kwa simu zao. Tumia nusu au pungufu, ndiyo maana 2.5 ni chaguo la busara hapo. Pamoja na sauti, hiyo ni takriban gigabaiti 1.2 kwa saa, yaani kama 3.6 kwa sherehe ya saa tatu. Simu inayotoa intaneti iweke karibu na dirisha na uiunganishe kwa waya wa USB, uepuke msongamano wa Wi-Fi ukumbini.

Kurekodi skrini hakuhitaji intaneti, ila kunapita kwenye enkoda hiyohiyo. Ukirekodi huku unarusha, chagua `Same as stream` ili video ibanwe mara moja tu, na uhifadhi kwa `mkv`. Umeme ukikatika na laptopu ikazimika, faili la `mkv` linabaki linafunguka, ilhali `mp4` ya kawaida isiyofungwa vizuri huharibika.

Unaponunua, usidanganywe na stika. Laptopu nyingi za mtumba zina kadi za NVIDIA MX150 au MX250, na wauzaji huziita za gemu na kuongeza bei. Kadi hizo hazina NVENC kabisa. GTX 1650 inayo. Ukikutana na MX, utakachotumia kurushia ni Quick Sync ya Intel iliyo ndani ya prosesa, kwa hiyo usilipe ziada kwa ajili ya kadi hiyo. Muombe muuzaji nusu saa, chomeka chaja kwa kuwa laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri, weka OBS, chagua QSV, fungua video yenye mwendo mwingi na urekodi skrini muda wote huo. Mistari ya `encoding lag` na `rendering lag` kwenye `Stats` ikibaki sifuri au karibu na sifuri hadi mwisho, na `Speed` haijaporomoka, laptopu hiyo itamaliza sherehe.