Rozela haina kosa, shida ni chai unayomezea kidonge

Wiki hii tena. Mama mwenye mimba ya miezi sita, wingi wa damu gramu 8.9 kwa desilita, na ndani ya mkoba wake chupa kubwa ya juisi ya rozela. "Nesi, mbona nakunywa kila siku na damu haipandi?" Kabla sijafungua mdomo, mwenzake wa kwenye benchi akamshauri aongeze bitiruti, na wa tatu akasema dada yake alipona kwa soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa. Nimefanya kazi ya ukunga Rungwe muda mrefu, na naomba leo tulimalize hili la wekundu.

Wekundu wa rozela ni rangi ya mmea tu. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, na hemoglobini haijengwi bila madini ya chuma. Hizi ni rangi mbili zinazofanana kwa macho na hazina undugu wowote. Tikitimaji ni jekundu kuliko dagaa, lakini dagaa ana chuma nyingi kuliko tikitimaji kwa mbali. Rozela ina chuma kidogo, na ukishaichemsha na kuichuja, kinachobaki kwenye glasi hakiwezi kubeba mimba. Kama unaipenda, kunywa glasi yako, lakini usiihesabu kuwa dawa.

Kwa nini mimba inataka chuma nyingi hivyo? Kwanza maji ya damu huongezeka karibu nusu, na chembe nyekundu huongezeka pia ila kwa kasi ndogo, hivyo damu inakuwa nyepesi hata kwa mama mwenye afya. Ndiyo maana kwa mjamzito tunaanza kusema ana upungufu akiwa chini ya 11, wakati kwa mwanamke asiye na mimba mpaka ni 12. Kisha kuna mtoto na kondo, nao wanachukua haki yao bila kuomba. Ukijumlisha yote, mimba moja inakula takriban gramu moja ya chuma. Inasikika kidogo, lakini mahitaji hayo hayagawanyiki sawa kwa miezi tisa. Mwanzoni mwili unahitaji kufyonza kama miligramu moja kwa siku, na miezi mitatu ya mwisho ni sita hivi.

Sasa tupige hesabu ya sahani. Maharage yaliyopikwa, sahani ya kushiba, yana chuma kama miligramu 4. Lakini chuma ya mimea haifyonzwi kirahisi. Mlo wa ugali na maharage matupu, mwili ukipata asilimia 5 tushukuru, na hiyo ni miligramu 0.2. Wewe unahitaji sita. Mchicha na majani ya maboga yana tabia hiyohiyo. Nyama, maini, dagaa na samaki vinafyonzwa vizuri zaidi, na vikiwa kwenye sahani moja na maharage husaidia hata chuma ya maharage ipite. Kiganja cha dagaa ndani ya mboga kina maana kuliko mnavyodhani. (Maini ni mazuri mara moja kwa wiki. Usile kila siku, hasa mimba ikiwa changa, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno.) Hata hivyo, kwa aliyeshafika 8.9 chakula peke yake hakimtoshi. Hapo kinachofanya kazi ni kidonge chenye chuma na foliki asidi mnachopewa kliniki, ambacho kimoja kina chuma miligramu 60 hivi.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Yule mama vidonge alikuwa navyo, tena anameza kweli, hakuwa mdanganyifu. Nikamuuliza anamezea nini. "Chai, nesi. Asubuhi, na magimbi." Jioni je? Maharage, na chai tena, kwa sababu huku baridi inajulikana.

Chai ina tanini zinazoshikana na chuma tumboni, na chuma iliyoshikwa hivyo haiingii mwilini, inatoka nayo chooni. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji kwa nusu au zaidi. Kuweka maziwa hakuiokoi, maana kalisi ya maziwa nayo inazuia chuma. Na bahati yetu ndiyo hiyo: Rungwe tuna chai, Mbozi wana kahawa, Kyela wana kakao, na vyote vitatu vina tabia hiyo. Mtu anakaa kama mwenye kujaza ndoo huku ameacha bomba la chini wazi, halafu anailaumu kliniki kwa vidonge "feki".

Sisemi uache chai. Nikisema hivyo mtaniitikia "sawa nesi" na kwenda kunywa njiani. Ninachotaka ni saa. Chai iwe angalau saa moja mbali na mlo wenye chuma, mbili ni bora, na kidonge kisikutane nayo kabisa. Yule mama tulihamishia kidonge usiku kabla ya kulala, kwa maji na kipande cha chungwa au pera, kwa sababu vitamini C inafanya chuma ifyonzwe vizuri. Chai ya asubuhi ikabaki na magimbi yake, na ile ya jioni ikasogea hadi saa kumi, kabla ya chakula. Kwa kuwa alikuwa na upungufu wa kati, tulimpa pia kidonge cha pili, ambacho humeza mchana. Baada ya wiki nne akasoma 10.0. Ni saa za chai au ni kidonge cha pili? Kwa kweli siwezi kuvitenganisha, vilienda pamoja. Tena kuna tafiti zinazoonyesha kwamba dozi moja ya chuma huufanya mwili ufunge mlango kwa dozi inayofuata siku hiyohiyo, kwa hiyo kidonge cha pili huenda hakisaidii mara mbili. Tafiti nyingi za aina hiyo zilifanywa kwa wasio na mimba, basi naendelea na mwongozo.

Mengine kwa haraka. Kinyesi cheusi ni chuma iliyobaki, siyo ugonjwa. Kichefuchefu kikikuzidi, meza pamoja na chakula kidogo. Utapoteza kiasi lakini ni bora kuliko kuacha. Kidonge hakimfanyi mtoto awe mkubwa akashindwa kupita. Na ule udongo wa sokoni mnaoutafuna unazuia chuma, ingawa hamu yake yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma imepungua.

Wiki nne zikipita damu isipande karibu gramu moja, na unameza vizuri, tatizo si kidonge. Hapo natafuta malaria, minyoo, seli mundu, VVU. Aliye chini ya 7, au anayehema akiwa amekaa, haendi nyumbani na vidonge, anakwenda hospitali leo.

Kuna jambo moja linalonisumbua na kwenye kadi halionekani. Mtu wa milimani huwa na hemoglobini juu kidogo kwa sababu ya hewa nyepesi. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya bahari. Shirika la Afya Duniani linataka tupunguze kiasi kwenye kipimo kabla ya kukilinganisha na 11: mwongozo wa zamani ulipunguza nusu gramu hivi, ule wa 2024 unapunguza zaidi ya gramu moja. Kwenye chumba changu tunaandika tunachosoma kwenye mashine, basi. Kwa hiyo mama wa 11.3 tunayemwambia "uko vizuri", kwa hesabu mpya yuko kwenye 10.2. Mimi nimeanza kumuuliza na yeye habari za chai.