Kabla hujaongeza saizi ya buti, kaza kamba

Mgeni mwingine kafika Moshi na buti zinazozidi saizi yake kwa namba mbili, eti kaambiwa kucha nyeusi zinaletwa na kiatu kinachobana. Jamani! Kwenye mteremko wa Mweka, njia ya kushukia Kilimanjaro, kiatu kipana ndicho kinachoumiza wengi.

Siku ya kilele mnatoka kileleni Uhuru, mita 5,895, mnashuka hadi kambi ya Mweka, kama mita 3,100. Kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya buti na kidole gumba kinagonga ncha. Pigo moja si kitu, lakini yakirudiwa maelfu ya mara, damu inavuja chini ya kucha. Ukiongeza nafasi bila kuzuia kisigino, umeupa mguu uwanja wa kukimbilia tu.

Saizi ni jambo fupi. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi za safari. Toa soli ya ndani, uisimamie: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na kidole kirefu si lazima kiwe gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili.

Kamba ndiyo kazi yenyewe. Wengi huzivuta zote sawasawa, kwa hiyo vidole vinabanwa na kifundo kinalegea. Huyo mgeni wangu tulimfunga upya kambi ya Barafu kabla ya kuendelea kushuka. Tulilegeza kamba zote, akagonga kisigino chini mpaka kikakaa nyuma kabisa. Sehemu ya vidole tukaiacha legevu. Pale mguu unapokunja tukazungusha kamba mbili kwa mbili, yaani kuzipitisha mara mbili badala ya moja, tukavuta. Hapo mkazo haurudi chini. Kisha ndoano za juu, imara. Bado mguu ulicheza, kwa hiyo tukakunja kitambaa na kukiweka chini ya ulimi wa buti, juu ya mguu. Akasimama kwenye jiwe lililoinama, vidole vikielekea bondeni, akakanyaga kwa nguvu: havikugusa.

Kama vingegusa hata baada ya kukaza, hapo ndiyo ningesema buti ni fupi. Kisigino kikiendelea kupanda ilhali urefu unatosha, umbo la buti si la mguu wako, na kamba haitaokoa.

Kucha ya mguu wa kulia ilishanyeusika tayari. Wa kushoto ukapona. Ni kamba au ni kwa sababu tulipunguza mwendo? Siwezi kuapa. Nimeona wagumu, yaani wapagazi, wanashuka mbio na raba zilizochakaa, kucha safi, na wageni wenye buti zilizofungwa vizuri wakipoteza kucha.

Kata kucha siku chache kabla ya kupanda, si usiku wa kuamkia safari. Ikishanyeusika bila maumivu makali, iache. Ikidunda usiku kucha, nenda zahanati mapema wakatoe damu. Msitobolee kambini kwa pini ya mtu.