Hiyo h = 3 iache kwanza, maji bado yanatembea

Nimeletewa tena ile picha ya swali la tangi la koni linalotoa maji, na chini ya swali mwanafunzi kaandika mstari wake wa kwanza: V = (1/3)π(1)²(3). Hapo ameshamaliza swali kabla hajalianza. Ukimuuliza anakujibu kwa kujiamini kabisa kwamba ukipewa namba unaiingiza mapema ili hesabu iwe fupi. Kwenye hesabu nyingine sawa, lakini kwenye maswali ya kasi zinazohusiana imani hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, na leo nataka tuizike.

Swali lenyewe ni hili: tangi la koni, ncha ikiangalia chini, kimo mita 6, upana wa mdomo mita 4. Maji yanatoka chini kwa kasi isiyobadilika ya mita za ujazo 0.5 kwa dakika. Kina cha maji kikiwa mita 3, usawa wa maji unashuka kwa kasi gani?

Kwanza angalia picha vizuri. Ule mshale wenye 4 umeanzia ukingo mmoja wa mdomo mpaka ukingo wa pili, kwa hiyo ni kipenyo, nusu kipenyo ni 2. Picha za simu zinapindika na wino unafifia, mtu anasoma 4 anaiita r, halafu anashangaa jibu limekataa. Zuumu kwanza.

Sasa majina. t ni muda kwa dakika, V ni ujazo wa maji yaliyobaki (sio ujazo wa tangi!), h ni kina cha maji, r ni nusu kipenyo cha uso wa maji. Tulichopewa ni dV/dt = -0.5, na hiyo alama ya kutoa haitoki kwenye kitabu, unaiweka wewe kwa sababu maji yanapungua. Tunachotafuta ni dh/dt pale h inapofika 3.

Hapa ndipo pa kukaa. Kwenye hilo swali kuna namba za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. 6 na 2 ni vipimo vya tangi, havibadiliki hata maji yakiisha yote, hizo ingiza mapema upendavyo. 0.5 nayo swali limesema haibadiliki. Lakini 3 ni ya sekunde moja tu, kabla ya hapo kina kilikuwa zaidi ya 3 na baada ya hapo kitakuwa chini ya 3. Ukiandika h = 3 kabla ya kutofautisha umepiga picha ya maji, na picha haitembei, kwa hiyo V inakuwa π, namba tupu, ukiitofautisha kwa t unapata 0. Yaani unaniambia maji hayatoki wakati swali limeshakwambia yanatoka!

Kuna wajanja wanaokwepa hiyo sifuri kwa kuacha h na kuingiza r peke yake, r = 1. Hao ndio wananiumiza kichwa zaidi, kwa sababu jibu lao linafanana na jibu. Wanaandika V = (π/3)h, wanapata dh/dt = -0.5 × 3/π, kama -0.48, na wanaenda zao. Jibu hilo limezidi mara 3 kamili, na sababu ya kuwa 3 inapendeza. Subiri kidogo.

Njia sahihi: ukikata koni katikati unaona pembetatu mbili zinazofanana, ya tangi na ya maji, kwa hiyo r/h = 2/6, r = h/3. Hii ni kweli kwenye kila kina, sio kwenye 3 tu, ndiyo maana inaruhusiwa kuingia mapema.

```
V = (1/3)π(h/3)²h = πh³/27
dV/dt = (πh²/9) · dh/dt
```

Sasa ndiyo unaweka h = 3. Mabano yanakuwa π, na -0.5 = π · dh/dt, hivyo dh/dt ni kama -0.16. Usawa unashuka kwa mita 0.16 kwa dakika, yaani sentimita 16. Ukishaandika "unashuka" usirudie alama ya kutoa, unashuka kwa -0.16 maana yake unapanda.

Turudi kwa wale wa r = 1. Acha r na h zote mbili zitembee, tofautisha bila kuondoa r:

```
dV/dt = (π/3)(2rh · dr/dt + r² · dh/dt)
```

Kwa kuwa r = h/3, dr/dt ni theluthi ya dh/dt. Weka r = 1 na h = 3: sehemu ya kwanza inatoa 2 × 1 × 3 × 1/3, yaani 2, na ya pili inatoa 1. Jumla 3. Aliyegandisha r ameitupa ile 2 yote, amebaki na 1, ndiyo maana jibu lake linazidi mara 3. Maji yakishuka uso wake unasinyaa pia, na theluthi mbili za badiliko la ujazo kwenye hesabu hii zinatoka kwenye huko kusinyaa.

Halafu ona kitu: ile πh²/9 ni πr², eneo la uso wa maji. Kwa hiyo kasi ya ujazo ni eneo la uso mara kasi ya kina, basi.

Kama bado huamini, pima. Kwenye h = 3 ujazo ni π, kama 3.142. Kwenye h = 2.9 ni kama 2.838. Tofauti ni 0.304, na kwa 0.5 kwa dakika inachukua dakika 0.61 hivi. Sentimita 10 kwa dakika 0.61 ni kama 16.5 kwa dakika. Imezidi 16 kidogo kwa sababu kadiri maji yanavyoshuka uso unakuwa mdogo na kasi inaongezeka. Jibu la 48 hapo halina pa kukaa.

Ila kuna kitu vitabu vinanyamazia na mimi kinanisumbua. Ingiza h = 0.1 kwenye fomula hiyohiyo, utapata kasi ya mita 143 kwa dakika, kwenye maji yenye kina cha sentimita 10! Hesabu haijakosea, dhana ya 0.5 isiyobadilika ndiyo imefika mwisho wake. Torricelli alionyesha tangu karne ya 17 kwamba kasi ya maji kwenye tundu inafuata kipeuo cha pili cha kina, kwa hiyo kwa tangi linalojimwaga lenyewe upande wa kushoto ungekuwa -k√h badala ya -0.5, na πh²/9 inabaki palepale. Hata hiyo inagoma karibu na ncha, uso wa maji ukishakaribia ukubwa wa tundu. Kwenye h = 3 sina shida na 0.5 kama kuna pampu inayovuta kwa kasi moja, lakini swali likiniambia maji yanatoka yenyewe kwa kasi isiyobadilika nalifanya tu kwa sababu limesema hivyo, na sijaamua bado kama niwaambie wanafunzi siku ya kwanza au nisubiri waiweze hii kwanza.