"Mimi" wawili katika tawasifu: anayesimulia na anayesimuliwa

Katika tawasifu, neno "mimi" hubeba watu wawili. Kuna yule aliyeyapitia mambo, tuseme mtoto wa miaka tisa, na kuna yule anayeyaandika leo akiwa na miaka hamsini na kitu. Wa kwanza ni nafsi inayosimuliwa, wa pili ni nafsi inayosimulia. Wana jina moja na mama mmoja, lakini hawajui mambo yale yale, hawaogopi vitu vile vile, na mara nyingi hawakubaliani kuhusu nani alikuwa na makosa. Pengo lililo kati yao lipo hata mwandishi asipolifikiria. Kinachobaki ni kama atalifukia au atalifanyisha kazi.

Tuchukue mfano. Mwanamke anayeishi Umoja anaandika kuhusu utoto wake katika mtaa wa Jericho, hapa hapa Eastlands, Nairobi, na amefika mwaka 1982. Rasimu yake ya kwanza inasema hivi:

"Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Uporaji ulizuka madukani. Jirani yetu alinipa viatu vya wizi, na mama, akihofia msako, akavificha."

Hakuna uongo hapo. Lakini mtoto hayumo. Sentensi zote tatu ni za mtu mzima aliyesoma magazeti na kusikiliza mazungumzo ya miaka arobaini. Mtoto wa Jericho hakujua jina la Ochuka asubuhi ile, hakujua neno "mapinduzi" lina uzito gani, na viatu alivyopewa havikuwa "vya wizi" machoni pake. Basi mwandishi anajaribu tena, safari hii akijibana ndani ya kile alichokijua saa ile tu:

"Redioni kulikuwa na nyimbo, kisha mtu akazungumza, kisha nyimbo tena. Baba alifunga komeo na hatukwenda kanisani. Mchana jirani wa mlango wa pili alipita na boksi begani, akanipa viatu vyeusi vya ngozi, vipya, karatasi bado zimo ndani. Vilikuwa vikubwa. Nikavivaa, nikatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Mama aliponiona alinivua bila kusema neno, akavizamisha ndani ya debe la unga."

Sasa tunaona. Hata hivyo msomaji aliyezaliwa mwaka 2000 atafika kwenye debe la unga na kujiuliza mama huyu ana nini. Mwandishi anajua jibu na amelinyamazia. Akiendelea kunyamaza ukurasa baada ya ukurasa, ule utoto utaanza kunuka uigizaji, kwa sababu msomaji anajua fika kwamba anayeshika kalamu si mtoto.

Mhakiki Dorrit Cohn, akichambua riwaya za nafsi ya kwanza mwaka 1978, alitenganisha njia hizi mbili: msimulizi anayesimama mbali na nafsi yake ya zamani, akiifasiri na hata kuihukumu, na msimulizi anayeungana nayo kiasi kwamba sauti yake ya leo haisikiki. Mwandishi wa tawasifu halazimiki kuchagua moja kwa kitabu kizima. Anaweza kuhama kutoka huku kwenda kule ndani ya aya moja, mradi msomaji aone mlango anaopitia. Mwandishi wetu anaendeleza rasimu ya pili hivi:

"Nililia mpaka jioni, nikiamini ananiadhibu kwa kikombe nilichovunja Ijumaa. Siku zile wanajeshi walikuwa wakipekua nyumba wakitafuta mali iliyoporwa, na kitu kipya kisicho na risiti kilitosha kumtia mtu matatani. Hayo niliyajua nikiwa sekondari. Jumapili ile nilijua tu kwamba viatu vinanukia vizuri na mama hanipendi."

Hapa ndipo pengo linafanya kazi. Sentensi ya kikombe ni ya mtoto: ni maelezo yenye makosa, lakini ndiyo maelezo aliyokuwa nayo. Sentensi ya msako ni ya mtu mzima. Kati ya hizo mbili msomaji anampata mama ambaye hakuna aliyemweleza, mwanamke anayemlinda mtoto anayemchukia kwa saa ile. Mwandishi hakuandika "mama alinipenda kumbe." Hakuhitaji. Angeandika hivyo, angekuwa amelijaza pengo kwa mkono wake mwenyewe na kumwacha msomaji bila kazi.

Tazama pia nyakati za vitenzi. Baada ya "nilijua tu kwamba," viatu "vinanukia" na mama "hanipendi." Kiswahili kinaruhusu wakati uliopo ubaki ndani ya fikra za wakati uliopita, na hilo linatuweka kichwani mwa mtoto bila maelezo mengine. Angeandika "vilinukia" na "hakunipenda," tungekuwa tumerudi mezani kwa mtu mzima, na sentensi ya mwisho ingesikika kama hukumu yake ya leo juu ya mama.

Na ile "nikiwa sekondari" si kipambo. Ujuzi una tarehe yake ya kufika, na mara nyingi haufiki siku mwandishi anapoketi kuandika. Kati ya mtoto wa miaka tisa na mwanamke wa Umoja kuna msichana wa sekondari aliyesikia habari za msako, pengine akaona aibu kwa kile kilio. Kwa hiyo kabla ya kuandika tukio, inasaidia kuchukua karatasi na kuandika upande mmoja yale uliyoyajua saa ile, na upande wa pili yale uliyoyajua baadaye, kila moja na mahali lilipotoka: redioni, kwa jirani, shuleni, kwenye gazeti. Rasimu ikikamilika, pita sentensi moja moja ukiuliza, nani anajua hili? Sentensi isiyo na mwenyewe ndiyo inayovuja.

Uvujaji wa kawaida huwa kwenye mazungumzo, pale mtoto anapouliza maswali yenye akili za mtu mzima. Mwingine ni wa hukumu: "nilikuwa mjinga sana," "laiti ningalijua." Kumkemea mtoto ni kumwomba msomaji akusifu kwamba siku hizi una busara, na tukio lenyewe linakatika hapo. Ukiona umekemea, jiulize mtoto yule angejibu nini kujitetea, kisha uandike hilo. Mtoto wetu angetaja kikombe.

Kuna mpaka ambao hata pengo hili halivuki. Rudi kwenye rasimu ya kwanza: "mama, akihofia msako." Nani anajua hilo? Mtoto hakujua, na mtu mzima anakisia tu kutokana na yale aliyoyasoma baadaye. Huenda mama hakuwaza wanajeshi hata kidogo, alichukia tu kula cha wizi. Ikiwa yu hai, aulizwe. Akijibu, jibu lake liingie kwa tarehe yake, kama jambo ambalo binti aliambiwa akiwa mtu mzima, wala lisirudishwe kinyemela hadi mwaka 1982. Ikiwa hayupo, mwandishi anaruhusiwa kuandika "nadhani" na kukisia mbele ya macho ya msomaji, lakini kitendo cha debe la unga kibaki kama kilivyoonekana, bila sababu iliyobandikwa juu yake.