Keratini ya saluni na fomalini: maswali kabla ya kukubali

Dada wa saluni ameniambia keratini yake ya kunyoosha nywele haina fomaldehaidi, na hata chupa imeandikwa hivyo. Nimwamini?

Yeye anaweza kuwa mkweli kabisa, chupa ndiyo ikawa inadanganya. Mwaka 2010, wasusi wa jimbo la Oregon, Marekani, walilalamika kwamba macho yanawachoma, pua zinatoka damu na kifua kinabana kila wakitumia dawa iitwayo Brazilian Blowout. Chupa yake ilisema haina fomaldehaidi. Wakaguzi wa usalama kazini wakakusanya sampuli zaidi ya 100 za dawa za kunyoosha nywele kutoka saluni zaidi ya 50, na kwenye dawa hiyo wakakuta fomaldehaidi, wastani wa zaidi ya asilimia 8. Sheria ya huko inadai onyo kuanzia asilimia 0.1.

Kampuni ilijitetea kwamba ndani ya chupa mna "methylene glycol", si fomaldehaidi. Huo ni ujanja wa jina. Fomaldehaidi ni gesi. Ukiiyeyusha kwenye maji inageuka methylene glycol, na mchanganyiko huo ndio fomalini inayohifadhia maiti mochwari. Ukiupasha moto, gesi inatoka tena. Sasa fikiria: dawa inapakwa, inakaushwa kwa draya, kisha kila kishungi kinapitishiwa pasi yenye joto la karibu nyuzi 230. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiandikia kampuni hiyo barua ya onyo, ikisema lebo yake inapotosha.

Kinachoshikilia nywele zibaki zimenyooka kwa miezi ni hiyo fomaldehaidi, kwa kuzifunga protini za unywele zikiwa zimelala. Keratini yenyewe haina nguvu hiyo, ingawa ndiyo iliyopewa jina.

Nikipigwa pasi macho yananichoma na koo linawasha. Msusi anasema ni kawaida ya dawa.

Ni dalili kwamba gesi imekufikia. Mwambie asimamishe, toka nje, na dawa ioshwe kichwani. Usingoje harufu ikuamulie, maana marashi ya dawa huificha. Barakoa ya hospitali haizuii gesi, na feni inayozunguka ndani inaisukuma tu kwa mteja wa kiti cha pili. Mwenye pumu asijaribu kabisa.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 2004, hasa saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Hatari hiyo hukua kwa kuvuta mara nyingi kwa muda mrefu, kwa hiyo anayeibeba zaidi ni msusi. Wewe unatoka baada ya saa chache. Yeye anampokea mwingine.

Nimuulize nini basi kabla sijakubali?

Omba kuiona chupa yenyewe, ile iliyotoka nayo dukani. Kama dawa imemiminwa kwenye kopo lisilo na lebo, mazungumzo yameishia hapo. Kwenye orodha ya viambato tafuta "formaldehyde", "formalin", "methanal", "methanediol" na "methylene glycol": yote ni mambo yale yale.

Kisha muulize kama ana karatasi ya usalama ya dawa hiyo, ile ambayo msambazaji hutoa na juu yake huandikwa SDS au MSDS. Sehemu ya 3 ndiyo inayotaja kemikali na kiasi chake. Saluni nyingi hazitakuwa nayo, lakini namna atakavyojibu itakuonyesha kama anaijua dawa anayoipaka.

Mwisho, muulize pasi itapigiwa wapi. Chumba chenye madirisha ya pande mbili au feni inayotoa hewa nje hupunguza gesi, hakiimalizi. Akikwambia dirisha hufungwa ili joto lisipotee, simama uondoke. Na kama una mimba, ahirisha tu.

Wengine wanatumia "glyoxylic acid" badala yake. Hiyo haina shida?

Ina shida yake, na iko kwenye figo. Madaktari wa Ufaransa waliandika mwaka 2024 kuhusu mwanamke wa miaka 26 aliyeumia figo mara tatu, kila mara siku ile ile aliyonyooshwa nywele. Alitapika, akaharisha, akapata homa na maumivu ya mgongo. Kichwani aliwashwa kama anaungua. Krimu ilikuwa na asidi hiyo asilimia 10. Walipowapaka panya krimu ile, fuwele zilijitengeneza ndani ya figo zao. Za mwanamke yule zilipona kila mara, ila ilichukua matukio matatu kuunganisha saluni na ugonjwa.

Ukiona dalili kama hizo baada ya kunyoosha nywele, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na mtajie daktari dawa uliyopakwa. Picha ya lebo kwenye simu itamsaidia sana.